Damu kwenye choo: kwa nini mtoto mmoja apewe antibiotiki na mwingine anyimwe

Tuchukue watoto wawili. Wote wana miaka minne, wote wana kilo 16, na wote wameletwa asubuhi moja kwa sababu mama zao wameona damu kwenye choo. Mmoja anaondoka na siprofloksasini. Mwingine anaondoka mikono mitupu, hana hata kidonge kimoja cha antibiotiki, ila ameambiwa arudi kesho kutolewa damu ya kupima. Mama wa huyu wa pili hawezi kunyamaza: "Daktari, mbona mwenzake kapewa dawa na wangu hakupewa?"

Kumjibu kunahitaji subira kidogo, kwa sababu kinachowatenganisha watoto hawa hakionekani kwa macho. Kuna sumu moja, na kuna vijidudu viwili vinavyoibeba kila kimoja kwa namna yake. Dawa inayomwokoa mtoto kwa kijidudu cha kwanza inaweza kumharibia figo kwa kijidudu cha pili.

Kwanza tuwaangalie wenyewe vizuri. Mtoto wa kwanza ana homa ya nyuzi 39.2. Juzi aliharisha maji, na kuanzia jana choo kimekuwa kidogo kidogo, makamasi yaliyochanganyika na damu. Mama yake amehesabu mara ishirini, kisha akaacha kuhesabu. Kila akichutama anajikamua na kulia, na kinachotoka hakizidi kijiko. Akinyanyuka tu, haja inamrudia.

Mtoto wa pili hana homa. Kipimo kinasoma 36.9. Aliharisha maji kwa siku mbili, akatapika mara kadhaa, na tumbo linamsokota kiasi kwamba hataki liguswe. Leo, siku ya tatu, choo kimebadilika kuwa damu tupu, karibu hakuna kinyesi ndani yake. Damu yake ni nyingi kuliko ya mwenzake. Mtu asiyejua angesema huyu ndiye anayestahili dawa kali zaidi.

Damu ya mtoto wa kwanza inatoka wapi

Picha ya mtoto wa kwanza ndiyo kuhara damu kwa asili yake, na mara nyingi msababishi ni bakteria aitwaye Shigela. Jina lake limetokana na Kiyoshi Shiga, mtaalamu wa Kijapani aliyemgundua mwaka 1897, wakati Japani ilipokumbwa na mlipuko ambao watu zaidi ya 90,000 waliugua. Jamii zake ni nne: dizenteria, flekisneri, boidi na sonei. Mbili za kuzikumbuka kwa kazi ya kila siku ni flekisneri na sonei, kwa sababu ndizo zinazosababisha ugonjwa kwa watu wengi zaidi leo. Dizenteria aina ya 1 tutaizungumzia peke yake, maana ina tabia yake.

Shigela anavumilia tindikali ya tumbo kuliko bakteria wengi wa kuhara, hivyo bakteria kumi hadi mia wanatosha kumwangusha mtu. Akifika kwenye utumbo mpana hupenya ndani ya chembe za ukuta wake, akazaliana humo, kisha akajisukuma kutoka chembe moja hadi ya jirani bila hata kutoka nje. Mwili unajibu kwa kumwaga askari wake, chembe nyeupe, na katika vita hiyo ukuta wa utumbo unatoboka vidonda vidogo vidogo, hasa sehemu ya mwisho karibu na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana mtoto anajikamua bila kutoa kitu: kidonda kilichovimba kinaudanganya mwili kwamba kuna kinyesi. Ndiyo maana pia choo kina makamasi na usaha pamoja na damu, na homa iko juu.

Kwa Shigela wa kawaida, basi, damu inatoka kwenye vidonda vilivyochimbwa na bakteria mwenyewe. Flekisneri na sonei kwa kawaida hawana sumu tunayokwenda kuizungumzia. Antibiotiki inayowaua inapunguza siku za homa na kuhara, na inapunguza pia siku ambazo mgonjwa anaendelea kutoa bakteria kwenye choo na kuwaambukiza wenzake nyumbani.

Sumu ya Shiga na vichujio vya figo

Dizenteria aina ya 1 anachimba vidonda kama ndugu zake, lakini juu ya hapo anatengeneza sumu. Inaitwa sumu ya Shiga, na utendaji wake ni wa kutisha kwa wepesi wake. Ina sehemu mbili. Sehemu moja ni ya kushikia: inatafuta aina fulani ya mafuta yenye sukari kwenye uso wa chembe za mwili na kujibandika hapo. Sehemu ya pili ni ya kukata: inaingia ndani, inakwenda kwenye mtambo wa chembe unaotengeneza protini, na kung'oa kipande kimoja tu cha mtambo huo. Chembe inashindwa kutengeneza protini, na baadaye inakufa.

Chembe zenye wingi wa kile kishikio ni zile zinazotandika ndani ya mishipa midogo sana ya damu, na hasa mishipa ya vichujio vya figo. Sumu inapita kutoka utumbo hadi kwenye damu, inafika figo, na kuta za mishipa hiyo zinaanza kuumia. Mahali palipoumia damu inaganda. Chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba majeraha, zinatumika kwa wingi hadi zinapungua mwilini. Chembe nyekundu zinazolazimika kupita katika mishipa iliyojaa vigandisho zinapasuliwa kama nguo iliyopita kwenye miiba, na mgonjwa anapungukiwa damu ghafla. Mwisho, vichujio vilivyoziba haviwezi tena kuchuja, mkojo unapungua, uchafu unalimbikizana mwilini.

Mambo hayo matatu kwa pamoja, yaani kupungua kwa chembe sahani, kupasuka kwa chembe nyekundu, na figo kushindwa kazi, ndiyo yanayoitwa sindromu ya hemolitiki na uremiki. Jina ni refu, ila sehemu zake zinaeleza kilichotokea: hemolitiki ni kupasuka kwa chembe nyekundu, na uremiki ni uchafu wa mkojo kubaki katika damu.

Kama sumu hii ingebaki kwa Shigela peke yake, mjadala ungekuwa mfupi: ua bakteria mapema, sumu ikome. Lakini mwaka 1982, katika majimbo ya Oregon na Michigan nchini Marekani, watu waliugua kuhara damu baada ya kula nyama ya kusaga, na aliyekutwa kwenye vyoo vyao ni aina ya E. koli, bakteria wa utumbo, ambayo haikuwa imefahamika kuwa na madhara hayo, aina ya O157. Mwaka uliofuata watafiti wa Kanada wakaonyesha uhusiano wa E. koli wenye sumu ya namna hii na watoto walioharibika figo. Sumu moja ya E. koli hawa inakaribia kabisa kufanana na ile ya Shigela. Nyingine, iliyopewa namba 2, ni binamu yake na ndiyo inayohusishwa zaidi na figo kuharibika.

Mtoto wetu wa pili, mwenye damu tupu bila homa, anafanana sana na picha ya E. koli wa namna hii. Si kwamba hakuna homa kabisa katika ugonjwa huo. Wengine huwa nayo mwanzoni nyumbani, lakini wakifika kwa daktari mara nyingi imeshashuka.

Jeni limekaa wapi ndani ya bakteria

Hapa ndipo fundo lilipo, na nadhani mafundisho mengi hulipita haraka mno.

Maelekezo ya kutengeneza sumu, yaani jeni lake, ndani ya E. koli hayakuandikwa katika mali ya bakteria mwenyewe. Yako ndani ya virusi vinavyoishi kwa bakteria, viitwavyo faji. Faji hiyo imejichomeka katika vinasaba vya E. koli na imelala. Bakteria anaishi, anagawanyika, na faji inarithiwa kimya kimya. Lakini faji ina sikio moja lililo macho: inasikiliza kengele ya hatari ya bakteria. Vinasaba vya bakteria vikiharibiwa, kengele inalia, na faji inaelewa kwamba nyumba inaungua. Inaamka, inajinakili mara nyingi, na kwa kuwa jeni la sumu liko ndani yake, nalo linanakiliwa na kusomwa kwa wingi. Kisha faji inampasua bakteria ili itoke, na sumu yote iliyotengenezwa inamwagika kwenye utumbo kwa mkupuo.

Sasa, siprofloksasini inaua bakteria kwa njia gani? Kwa kuvuruga vinasaba vyake. Yaani dawa hiyo inapiga kengele ileile ambayo faji inaisikiliza. Maabara zimeonyesha jambo hili mara nyingi: ukimwekea E. koli wa sumu dawa za jamii hiyo kwa kiasi kisichotosha kumuua papo hapo, sumu inaongezeka.

Kwa Shigela dizenteria aina ya 1 mambo ni tofauti. Naye jeni lake lilitokana na faji zamani, lakini faji hiyo imelemaa. Imepoteza sehemu zake muhimu na imebaki mabaki tu ndani ya vinasaba vya bakteria. Hata kengele ikilia, hakuna wa kuamka. Ukimuua bakteria huyu, unazima kiwanda.

Nadharia ni nzuri, ila wagonjwa je? Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa watoto 71 nchini Marekani walioambukizwa E. koli O157. Tisa kati yao walikuwa wamepewa antibiotiki, na watano wa hao tisa wakapata sindromu. Waliobaki 62 hawakupewa, na waliopata sindromu kati yao walikuwa pia watano. Idadi ni ndogo, na mtu anaweza kusema labda waliopewa dawa ndio waliokuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Pingamizi hilo limeendelea kujadiliwa, na tafiti nyingine hazikuona tofauti. Lakini uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba ukibaki na zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, hatari inaongezeka kwa waliopewa antibiotiki.

Kwa upande wa Shigela dizenteria aina ya 1, taarifa nzuri zilitoka Bangladeshi, ambako watafiti walifuatilia mamia ya wagonjwa waliopewa dawa inayofanya kazi tena mapema. Aliyepata sindromu alikuwa mmoja tu.

Kuamua bila majibu ya maabara

Tatizo ni kwamba asubuhi ile, kwenye meza ya daktari, hakuna aliyeandikwa usoni jina la kijidudu chake. Hapo ndipo miongozo miwili mikubwa inapoonekana kupingana. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto yeyote mwenye damu inayoonekana kwenye choo apewe antibiotiki inayomuua Shigela. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani wa mwaka 2017 unasema kinyume: usianze antibiotiki ukiwa unasubiri majibu, isipokuwa kwa watoto wachanga wa chini ya miezi mitatu, kwa mgonjwa mwenye picha kamili ya homa, maumivu ya tumbo na kuhara damu kidogo kidogo kwa kujikamua, au kwa aliyetoka safari ya nchi nyingine akiwa na homa ya 38.5 au zaidi.

Kwa kweli haipingani. Kila mwongozo umepiga hesabu kwa mahali pake. Pale ambapo maji safi na vyoo ni shida, mtoto mwenye damu kwenye choo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na Shigela, E. koli wa sumu ni nadra, na maabara ya kuotesha choo iko mbali. Kumnyima dawa kila mtoto kwa hofu ya yule mmoja kungewaumiza wengi. Pale ambapo Shigela ni wachache na E. koli wa sumu wanaleta milipuko ya vyakula kila mwaka, mizani inainama upande wa pili. Figo zilizoharibika huenda zisirudi zilivyokuwa, ilhali mtu mzima mwenye afya aliyeambukizwa sonei mara nyingi hupona mwenyewe ndani ya siku tano hadi saba.

Anayeelewa hesabu hiyo hahitaji kukariri mwongozo. Anauliza maswali manne. Je, kuna homa ninayoipima mimi mwenyewe? Choo ni kidogo kidogo chenye makamasi, au ni damu nyingi tupu? Ni nani mwingine anaugua, na walikula nini pamoja? Mahali hapa, wiki hizi, ni kijidudu gani kinachozunguka? Homa ya 39.2 na kujikamua mara ishirini kunampeleka mtoto wa kwanza upande wa Shigela popote alipo duniani, hata kwa mwongozo ule mkali. Mtoto wa pili, asiye na homa, mwenye tumbo lisilogusika na damu tupu siku ya tatu, anasubirishwa pale ambapo majibu yanaweza kupatikana.

Choo cha wote wawili kinachukuliwa kabla ya dawa. Shigela hufa upesi nje ya mwili, hivyo choo kilichokaa mezani nusu siku kikaotesha "hakuna kitu" hakithibitishi lolote. Kiwahishwe ndani ya saa mbili au kiwekwe kwenye kimiminika maalumu cha kusafirishia. E. koli O157 ana alama yake: hawezi kuchachusha sukari iitwayo sorbitoli kwa haraka, hivyo kwenye sahani yenye sorbitoli makundi yake yanabaki meupe wakati ya E. koli wa kawaida yanakuwa ya waridi. Lakini kuna E. koli wengine wa sumu ambao si O157, nao wanachachusha sukari hiyo kama kawaida. Kwa hiyo sahani peke yake haitoshi, na kipimo kinachotafuta sumu yenyewe au jeni lake ndicho kinachofunga mjadala.

Na kuna mtego wa amiba. Guatemala ilipokumbwa na mlipuko wa Shigela dizenteria aina ya 1 mwishoni mwa miaka ya 1960, wagonjwa wa mwanzo walidhaniwa kuwa na amiba kwa sababu wapimaji waliangalia choo kwa hadubini wakaziona. Watu wengi hubeba amiba bila kuugua, na dawa ya amiba, metronidazoli, haimgusi Shigela. Wakati dawa isiyo yake inatolewa, mlipuko ulisambaa Amerika ya Kati na kuua maelfu ya watu. Amiba ya kutibiwa mapema ni ile iliyoonekana imemeza chembe nyekundu ndani yake, na aliyeiona awe fundi anayejua anachokiangalia. Vinginevyo amiba inafikiriwa pale dawa mbili tofauti za Shigela zimeshindwa.

Siku tatu za dawa, saa 48 za kuangalia

Mtoto wa kwanza anapewa siprofloksasini miligramu 15 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kilo 16 mara 15 ni miligramu 240, kwa hiyo kidonge cha 250 asubuhi na kimoja jioni. Dozi ni vidonge sita tu. Wazazi wengi hushangaa ufupi wake, lakini siku tatu zimethibitika kutosha kwa Shigela wa kawaida. Pamoja nayo anapewa maji ya chumvi na sukari, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na anaendelea kula. Dawa za kufunga tumbo kama loperamidi hapewi, kwa sababu zinamfungia bakteria ndani na zinaweza kuchangia utumbo kutanuka vibaya.

Mtihani wa dawa ni saa 48. Ndani ya muda huo homa iwe imeshuka, damu imepungua, safari za chooni zimepungua, na mtoto ameanza kuomba chakula na kucheza. Kama hakuna hata moja lililobadilika, usiongeze siku za dawa ileile, badilisha. Zilizobaki ni azithromisini, seftriaksoni ya sindano na, panapopatikana, pivimesilinamu. Ampisilini, kotrimoksazoli na asidi ya nalidiksi zilikuwa dawa nzuri zamani, lakini Shigela amezizoea kwa kiwango ambacho hazifai kuanzia bila kipimo. Hata hizi mpya hazina uhakika wa milele: nchini Marekani, Shigela asiyesikia ampisilini, kotrimoksazoli, siprofloksasini, azithromisini wala seftriaksoni hakuwepo kwenye takwimu za mwaka 2015, na kufikia 2022 alikuwa asilimia 5 ya walioambukizwa. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutomwaga antibiotiki kwa kila kuhara kwa maji.

Mtoto huyu anaweza bado kupata shida ambazo hazihusiani na sumu. Watoto wenye Shigela hupata degedege, na kabla ya kulaumu homa pekee pima sukari na sodiamu ya damu, maana zote mbili hushuka. Wenye utapiamlo wanaweza kupitisha bakteria hadi kwenye damu, na hao hulazwa. Wiki kadhaa baadaye, watu wazima wachache huvimba viungo.

Kuhesabu siku kwa mtoto wa pili

Sasa kwa yule aliyerudi nyumbani bila dawa. Kumnyima antibiotiki si kumwacha. Kwa watoto wadogo walioambukizwa O157, takribani 15 katika kila 100 hupata sindromu, na kazi ni kumjua huyo mapema. Hesabu inaanzia siku ya kwanza ya kuhara, na hilo wengi hulikosea kwa kuanzia siku damu ilipoonekana. Hatari kubwa iko kati ya siku ya tano na ya kumi.

Leo ni siku ya tatu. Chembe sahani zake ni 290,000 kwa mikrolita, hemoglobini 12.4, na kreatinini, uchafu wa damu unaochujwa na figo, ni ya kawaida. Siku ya tano chembe sahani ni 210,000. Bado ziko ndani ya kiwango cha kawaida, na maabara haitaweka alama yoyote nyekundu kwenye karatasi, lakini aliyezipanga namba mbili hizo sambamba anaona zinateremka. Analazwa na kuwekewa maji ya chumvi ya mshipani, kwa sababu watoto walioongezewa maji mapema, kabla figo hazijafunga, wameonekana kupata kwa uchache zaidi hali ya kukosa mkojo kabisa. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni anakatazwa, maana zinapunguza damu inayofika kwenye figo.

Siku ya saba mama anafurahi: choo hakina damu tena. Hapa ndipo ugonjwa huu hudanganya. Mtoto amekojoa mara moja tu tangu jana, viganja vimepauka, kope zimevimba. Chembe sahani ni 62,000, hemoglobini imeshuka hadi 8.1, kreatinini imepanda mara tatu, na kwenye kioo cha hadubini chembe nyekundu zimekatika, nyingine zina umbo la kofia ya chuma. Hiyo ndiyo sindromu yenyewe. Kwa Shigela dizenteria aina ya 1 nako huja vivyo hivyo, kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza, kuhara kukiwa kunapungua, na wakati mwingine chembe nyeupe zinapanda hadi zaidi ya 50,000 kiasi cha kudhaniwa ni saratani ya damu.

Kuanzia hapo matibabu yanageuka. Maji yaliyokuwa yanamiminwa sasa yanapimwa kwa kikombe, kwa kuwa figo zisizokojoa zitayapeleka kwenye mapafu. Potasiamu inapimwa kila siku. Anaongezewa damu hemoglobini ikikaribia 6 au 7, lakini chembe sahani hazitiwi kwa ajili ya namba ndogo tu. Zinawekwa akivuja damu au akienda kupasuliwa, kwa hofu kwamba zitakuwa kuni za kuongeza vigandisho. Karibu nusu ya watoto wa sindromu hii ya E. koli huhitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupitia tumbo. Wengi wa wanaopata huduma hiyo huishi. Vifo ni kati ya 3 na 5 kwa kila 100. Kwa sindromu ya Shigela vifo vimekuwa vingi zaidi, kwa sehemu kwa sababu wanaoipata mara nyingi wako mbali na mashine hizo.

Mtoto wetu anasafishwa damu kwa siku tisa, kisha asubuhi moja anakojoa. Mama yake analeta tena lile swali, safari hii kwa sauti ya chini: je, angepewa dawa siku ile, haya yangetokea? Jibu la kweli ni kwamba dawa isingeyazuia, na ingeweza kuyafanya mabaya zaidi. Anapewa karatasi ya tarehe za kupimwa: shinikizo la damu na protini kwenye mkojo, kila mwaka kwa miaka mitano, kwa sababu kuna figo zinazoonekana zimepona kabisa, na miaka mingi baadaye zikaanza kuvuja.